Dedaktibo, kopei na koinshuransi: maswali ya wakazi wa Kigoma kuhusu gharama ya hudhurio moja la kliniki

Ukurasa huu unajibu maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu na Kibondo ambao wana bima ya afya ya kampuni binafsi kupitia mwajiri, pamoja na wale wenye ndugu waliohamia Amerika ambao hupiga simu nyumbani wakiwa na karatasi ya hospitali mkononi wasijue wanadaiwa nini. Majibu yote yanafuata hudhurio moja la kawaida la kliniki, kwa kuwa huko ndiko tofauti ya malipo haya matatu inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Viwango vya mikataba na bei za kliniki zilizotumika ni za mfano, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo.

Malipo haya matatu yanatofautianaje?

Yote matatu ni fedha zinazotoka mfukoni mwa mgonjwa siku anapotibiwa au baadaye, na hayahusiani na mchango wa bima unaolipwa kila mwezi au kila mwaka ili kadi iendelee kufanya kazi. Kinachoyatenganisha ni namna kila moja linavyokokotolewa.

Dedaktibo ni kiasi cha awali ambacho mwanachama hulipa mwenyewe ndani ya mwaka wa bima kabla kampuni haijaanza kuchangia. Mkataba ukisema kiasi cha awali ni shilingi 200,000, basi matibabu ya mwanzo wa mwaka huwa juu yako mpaka jumla ifike hapo, hata kama kadi yako ni halali na mchango umelipwa wote.

Kopei ni ada isiyobadilika inayotozwa kila unapohudhuria, kwa mfano shilingi 10,000. Ukienda kwa mafua au ukienda kwa homa iliyohitaji vipimo vitano, ada ni ileile.

Koinshuransi ni mgawo wa asilimia. Wewe unalipa, tuseme, asilimia 20 ya gharama na kampuni inalipa asilimia 80 iliyobaki, hivyo gharama ikipanda na sehemu yako inapanda.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua atalipa nini kesho asubuhi anahitaji kujua jambo tofauti kwa kila moja. Kwa kopei inatosha kusoma mkataba. Kwa koinshuransi ni lazima ajue pia bei ya huduma, na kwa dedaktibo ajue bei hiyo pamoja na kiasi alichokwisha kulipa tangu mwaka wa bima ulipoanza.

Hesabu hufanywa juu ya bei gani?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili, na kulipuuza ndiko kunakowafanya watu walipe zaidi. Kliniki ina bei yake ya taslimu, ile anayotozwa mgonjwa asiye na bima. Kliniki hiyohiyo, ikiwa imeingia mkataba na kampuni ya bima, huwa imekubaliana nayo bei nyingine kwa kila huduma, na mara nyingi bei hiyo huwa ya chini. Dedaktibo na koinshuransi hukokotolewa juu ya bei ya makubaliano. Tofauti iliyopo kati ya bei hizo mbili haipaswi kudaiwa kutoka kwa mgonjwa aliyetibiwa katika kituo kilichomo kwenye orodha ya kampuni, kwa kuwa kituo kimekwisha kukubali kuiacha.

Ukienda kwenye kituo kisichokuwamo kwenye orodha, ulinzi huo huondoka. Utalipa bei ya taslimu yote, na ukirudishiwa fedha utarudishiwa kwa kipimo cha bei ambayo kampuni inaitambua, kisha sehemu yako bado itakatwa humo. Kwa hiyo kabla ya kwenda, piga simu ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma ya kadi na uulize kama kituo kimo kwenye orodha ya mpango wako hasa, kwa sababu kampuni moja huweza kuwa na mipango kadhaa yenye orodha tofauti za vituo.

Naomba mfano kamili: mgonjwa mmoja, hudhurio moja, mikataba mitatu.

Tuchukue mfanyakazi wa ofisi moja ya Kigoma Mjini ambaye ana homa na maumivu ya tumbo. Anakwenda kwenye kliniki ya binafsi ya Mwanga, anamwona daktari, anapimwa malaria, damu na mkojo, kisha anapewa dawa. Bei ya taslimu ya huduma zote ni shilingi 90,000. Bei ya makubaliano kati ya kliniki na kampuni yake ni shilingi 70,000, yaani 15,000 ya kumwona daktari, 20,000 ya vipimo na 35,000 ya dawa. Zile shilingi 20,000 za tofauti tunaziweka kando moja kwa moja, kwa sababu kliniki imo kwenye orodha.

Kama mkataba wake una kopei ya shilingi 10,000 peke yake, analipa 10,000 mapokezi na kampuni inalipa 60,000. Hakuna hesabu nyingine, na ndiyo maana wengi huupenda mpango wa namna hii.

Kama una koinshuransi ya asilimia 20 peke yake, analipa shilingi 14,000, ambazo ni asilimia 20 ya 70,000, na kampuni inalipa 56,000. Zingatia kwamba keshia akikokotoa asilimia hiyo juu ya bei ya taslimu atapata 18,000. Shilingi 4,000 zinazozidi hapo si halali, ingawa ni ndogo kiasi kwamba wengi hawaziulizi.

Kama una dedaktibo ya shilingi 200,000 peke yake, jibu linategemea hudhurio hili limeangukia wapi katika mwaka. Ikiwa ndilo la kwanza tangu mwaka wa bima uanze, analipa 70,000 zote na kampuni hailipi chochote, ila kiasi cha awali kilichobaki kinapungua na kuwa 130,000. Ikiwa amekwisha kulipa 160,000 katika matibabu yaliyotangulia, amebakiwa na 40,000 tu, hivyo analipa 40,000 na kampuni inalipa 30,000. Ikiwa 200,000 zimekwisha kutimia, halipi kitu.

Ugonjwa ni uleule, daktari ni yuleyule na dawa ni zilezile, lakini chini ya dedaktibo malipo yanaweza kuwa shilingi 70,000, 40,000 au sifuri. Anayeshangaa kwa nini mwenzake mwenye kadi ya rangi ileile hakulipa kitu siku ileile, mara nyingi jibu lake limo humu: mwenzake alikuwa amekwisha kumaliza kiasi chake cha awali mapema zaidi katika mwaka.

Daktari akiongeza kipimo, sehemu yangu inabadilikaje?

Tuseme daktari wa mfano wetu anaagiza pia ultrasaundi ambayo bei yake ya makubaliano ni shilingi 30,000, na jumla inafika 100,000. Mwenye kopei bado analipa 10,000. Mwenye koinshuransi analipa 20,000 badala ya 14,000. Mwenye dedaktibo ambayo hajaianza analipa 100,000 kamili.

Hapa nashauri jambo moja kwa mkazo. Mgonjwa mwenye koinshuransi au dedaktibo ana haki ya kuuliza bei ya kipimo kabla hakijafanyika, na swali hilo halimvunjii daktari heshima. Lakini asikatae kipimo cha lazima kwa sababu ya shilingi 6,000 za nyongeza. Amwulize daktari kama kipimo hicho kitabadilisha matibabu leo, au kinaweza kusubiri mpaka ionekane kama dawa imefanya kazi. Daktari mzuri atalijibu swali hilo kwa dakika moja.

Mkataba wangu una vyote vitatu. Kipi huanza?

Mikataba mingi yenye dedaktibo na koinshuransi kwa pamoja hufuata mpangilio huu: kwanza unamaliza kiasi cha awali, kisha asilimia inaanza kufanya kazi juu ya kile kinachobaki. Mfanyakazi wetu mwenye 40,000 zilizobaki, ambaye mkataba wake pia una koinshuransi ya asilimia 20, analipa hizo 40,000 kwanza. Katika 70,000 zinabaki 30,000, na asilimia 20 ya 30,000 ni 6,000. Jumla yake ni shilingi 46,000, na kampuni inalipa 24,000.

Kosa linalojitokeza mahali hapa ni kukokotoa asilimia juu ya 70,000 yote na kuijumlisha na dedaktibo, jambo linaloleta 54,000. Hapo mgonjwa ametozwa mara mbili juu ya fedha zilezile, kwa kuwa shilingi 40,000 alizolipa peke yake zimewekewa asilimia tena. Njia rahisi ya kuligundua ni kujumlisha sehemu yako na sehemu ya kampuni: jumla hiyo ni lazima iwe sawasawa na bei ya makubaliano. Ikiwa wewe umelipa 54,000 na taarifa inaonyesha kampuni imelipa 24,000, jumla ni 78,000, ilhali huduma ilikuwa ya 70,000. Kuna shilingi 8,000 zinazotafuta mwenyewe.

Kopei ikiingia katika mkataba wa namna hii, kwa kawaida hufungwa kwenye huduma fulani tu, hasa ile ya kumwona daktari. Tuseme ada ni 10,000 kwa kumwona daktari, na huduma nyingine zote zinapitia kwenye dedaktibo na koinshuransi. Katika zile 15,000 za daktari, mgonjwa analipa 10,000 na kampuni 5,000. Vipimo na dawa, ambavyo ni 55,000, vinapita njia ya pili: 40,000 zinamaliza kiasi cha awali, na katika 15,000 zilizobaki mgonjwa analipa asilimia 20, yaani 3,000. Jumla ya mgonjwa ni 53,000 na ya kampuni ni 17,000, na zikijumlishwa zinarudi kwenye 70,000.

Mwanachama wa mpango huu akiambiwa mapokezi kwamba malipo yake ni shilingi 10,000 tu, ameambiwa kweli kuhusu daktari, lakini hajaambiwa juu ya maabara na dirisha la dawa. Kwa hiyo swali la kuuliza mapokezi ni hili: «Ada hii inahusu huduma zote za leo, au ni ya kumwona daktari peke yake?»

Je, kopei ninazolipa hupunguza dedaktibo yangu?

Mara nyingi hapana. Katika mipango mingi kopei husimama peke yake, na mtu anaweza kulipa ada za mahudhurio sita bila kiasi chake cha awali kupungua hata shilingi moja. Ipo mikataba iliyoandikwa vinginevyo, kwa hiyo tafuta kipengele kinachotaja malipo yanayohesabiwa katika kiasi cha awali. Kisipokuwamo, omba jibu la maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, badala ya kutegemea neno la wakala.

Kwa nini nilianza kulipa upya wakati dedaktibo yangu ilikuwa imekwisha?

Dedaktibo hurudi mwanzo kila mwaka wa bima unapoanza upya. Mwaka huo si lazima uanze Januari. Kama mwajiri wako alisaini mkataba tarehe 1 Julai, basi hudhurio la tarehe 28 Juni na lile la marudio la tarehe 5 Julai ni ya miaka miwili tofauti ya bima, hata kama yote mawili yanahusu kidonda kilekile. Ikiwa umekwisha kumaliza kiasi cha awali na daktari anakubali kwamba kipimo kinachosubiri kifanyike mapema, kukifanya kabla ya mwaka kwisha kunaweza kukuokolea gharama yote ya kipimo hicho.

Familia nayo huleta mkanganyiko wake. Mipango mingine huweka kiasi cha awali kwa kila mtu, mingine huweka kimoja kwa kaya nzima, na mingine huweka vyote viwili. Kama chako ni cha kila mtu, matibabu ya mwanao hayapunguzi deni lako wewe.

Tena, madai huhesabiwa kwa kufuata siku yalipoifikia kampuni na kushughulikiwa, wala si lazima yafuate siku ulipotibiwa. Ukitibiwa katika kituo kimoja Jumatatu na katika kingine Alhamisi, na kituo cha Alhamisi kikawahi kutuma madai, huenda hicho ndicho kikatajwa kuwa kilimaliza kiasi chako cha awali, ilhali wewe ulikwisha kukilipa taslimu Jumatatu. Hapo umelipa mara mbili na unastahili kurudishiwa na mmojawapo, lakini hakuna atakayekutafuta. Stakabadhi zako mbili ndizo zitakazokusaidia.

Je, kuna kikomo cha mwaka ambacho nikikifikia silipi tena?

Inategemea mkataba ni wa wapi, na jambo hili nalitilia uzito kwa sababu watu huchanganya vikomo viwili vilivyo kinyume kabisa.

Katika mipango ya Amerika inayofuata sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, kikomo humlinda mgonjwa: malipo yake yote ya dedaktibo, kopei na koinshuransi kwa huduma zilizomo kwenye mafao na katika vituo vya orodha hayawezi kuvuka kiwango kilichowekwa. Kwa mwaka 2025 kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa mtu mmoja kilikuwa dola 9,200. Akikifikia, kampuni hulipa kila kitu mpaka mwaka uishe.

Katika mipango mingi ya kampuni binafsi hapa Afrika Mashariki, kikomo huilinda kampuni. Jedwali la mafao huonyesha kiasi cha juu ambacho kampuni italipa kwa matibabu ya nje kwa mwaka, na kikiisha, mgonjwa analipa gharama yote kuanzia hapo. Ukiwa na mkataba wa aina hii, kile ambacho kampuni inalipa kinakula akiba yako ya mwaka. Katika mfano wetu wa kopei, kila hudhurio linaondoa shilingi 60,000 katika kikomo chako, kwa hiyo mwanachama mwenye kikomo cha shilingi 600,000 anabakiwa na mahudhurio kumi tu ya namna hiyo. Uliza salio lako kabla ya kwenda, hasa katika miezi ya mwisho ya mwaka wa bima.

Ndugu yetu aliyetoka Nyarugusu kwenda Amerika anasema ana bima lakini ametumiwa deni la dola 180. Je, ametapeliwa?

Pengine hapana. Wakimbizi wengi waliofika kule walianzia kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ambayo humtoza mgonjwa kidogo sana au haimtozi kabisa. Akishapata kazi na kipato kikapanda, huhamia kwenye bima ya mwajiri, na hapo ndipo anapokutana na dedaktibo kwa mara ya kwanza, bila mtu aliyemweleza.

Tuseme mpango wake una dedaktibo ya dola 1,500 na koinshuransi ya asilimia 20, na hudhurio lake lina bei ya makubaliano ya dola 180. Akitibiwa Februari, kabla hajalipa kitu kingine, zote 180 ni zake. Akitibiwa Novemba, baada ya kumaliza zile 1,500, atalipa 36. Mwambieni afungue taarifa ya mchanganuo inayotumwa na kampuni ya bima, ambayo kwa kawaida hueleza yenyewe kwamba si ankara, na alinganishe mstari wa kiasi anachodaiwa na ankara ya kliniki. Asilipe mpaka vilingane. Kama vinatofautiana, apigie kliniki kwanza, kwa sababu mara nyingi ankara huwa imetoka kabla kampuni haijamaliza hesabu.

Jambo lingine la kumwambia ni kwamba sheria hiyohiyo ya 2010 inaitaka mipango mingi ilipie huduma za kinga zilizoorodheshwa, kama chanjo na vipimo kadhaa vya uchunguzi, bila kumtoza mgonjwa chochote, hata kama dedaktibo haijaguswa. Ila katika hudhurio hilo akieleza ugonjwa mwingine na daktari akautibu, sehemu hiyo inaweza kuandikwa kuwa huduma ya pili na kutozwa kwa njia ya kawaida.

Wazee walio kwenye Medicare, bima ya serikali ya Amerika kwa wazee, wana utaratibu unaofanana na mfano wetu wa dedaktibo na asilimia. Katika sehemu yake inayohusu madaktari na kliniki, kiasi cha awali cha mwaka 2025 kilikuwa dola 257, na baada ya hapo mgonjwa hulipa asilimia 20 ya bei inayotambuliwa kwa huduma nyingi.

NHIF na CHF nazo zina malipo haya?

Mwanachama wa NHIF anayetibiwa katika kituo kilichosajiliwa, kwa huduma zilizomo kwenye orodha ya mafao yake, hakutani na dedaktibo ya mwaka. Anapoambiwa alipe, kwa kawaida ni kwa sababu dawa au kipimo hakimo kwenye orodha, na hapo analipa bei nzima ya kitu hicho. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga kwa jirani zetu wa Tabora mwaka 1996, nao ulijengwa juu ya wazo la kaya kuchangia mara moja kwa mwaka badala ya kulipa papo kwa papo kila inapougua. Uchangiaji wa gharama ulioanza katika hospitali za serikali mwaka 1993 ni ada ya kituo kwa mtu anayelipa mwenyewe, na haupaswi kuitwa kopei.

Kwa nini kampuni zinaweka malipo haya ilhali tumekwisha kuchangia?

Kwa sababu mgonjwa anayelipa sehemu ya gharama hutumia huduma kidogo, na mchango wa kila mwezi unaweza kushushwa. Jambo hilo lilipimwa kwa makini Amerika na taasisi ya RAND katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ambapo familia ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikatibiwa bure na nyingine zikalipa asilimia 25, 50 au 95 mpaka kufikia kikomo fulani. Waliolipa walikwenda hospitali mara chache zaidi. Lakini walipunguza huduma zilizohitajika sawa na zile zisizohitajika sana, na matokeo hayo yananisumbua kila ninapomwona mama anayeahirisha kumpeleka mtoto mwenye homa. Homa ya mtoto mdogo Kigoma, ambako malaria ni ya kawaida, isisubiri mshahara. Kama huna fedha ya dedaktibo mkononi, mpeleke zahanati ya serikali, ambako watoto wa chini ya miaka mitano wamesamehewa malipo kisera.

Nahisi nimetozwa zaidi. Nianzie wapi?

Omba ankara yenye kila huduma na bei yake, si stakabadhi ya jumla pekee. Kisha iombe kampuni taarifa ya madai ya hudhurio hilo, nayo ikuonyeshe bei ya makubaliano, kiasi kilichoingia kwenye dedaktibo, asilimia yako na kiasi ilicholipa yenyewe. Fanya ile hesabu ya kujumlisha. Angalia pia kama huduma uliyoandikiwa ndiyo uliyopata, kwa sababu fomu ya madai husainiwa na mgonjwa, na wengi huisaini ikiwa bado ina nafasi wazi. Usiisaini hivyo.

Kituo na kampuni wakishindwa kukuelewa, malalamiko ya bima za kampuni binafsi hupelekwa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwajiri ametupa mipango miwili tuchague. Upi una nafuu?

Watu husema kwamba mwenye afya achague dedaktibo na mwenye kuugua mara kwa mara achague kopei. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na hesabu inaonyesha sababu.

Tuseme mpango wa kwanza una mchango wa shilingi 480,000 kwa mwaka na kopei ya 10,000. Wa pili una mchango wa 360,000 na dedaktibo ya 200,000, na baada ya hapo kampuni inalipa zote. Wa pili unakuokolea 120,000 za mchango. Mahudhurio yote yawe kama lile la mfano wetu, la shilingi 70,000.

Ukihudhuria mara moja kwa mwaka, mpango wa kwanza unakugharimu jumla ya 490,000 na wa pili 430,000. Ukihudhuria mara mbili, yote miwili inakuwa 500,000. Mara tatu, wa kwanza ni 510,000, na wa pili unapanda mpaka 560,000 kwa kuwa kiasi cha awali kimetimia. Kuanzia hapo wa pili haupandi tena, ilhali wa kwanza unaendelea kuongezeka kwa 10,000 kila mara, hivyo katika hudhurio la nane vinakutana tena kwenye 560,000. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kama kisukari au shinikizo la damu, anayehudhuria kila mwezi, atalipa 600,000 katika mpango wa kopei na 560,000 katika mpango wa dedaktibo. Kwa mfano huu, kopei inamfaa zaidi mtu wa katikati, anayehudhuria kati ya mara tatu na saba. Badilisha viwango uweke vya mkataba wako na urudie hesabu, maana mipaka hiyo itahama.

Hata hivyo, jumla ya mwaka si jambo pekee la kuangalia. Katika mpango wa pili, shilingi 200,000 zote zinaweza kudaiwa ndani ya mahudhurio matatu ya mwanzo, tena mfululizo wakati wa mvua ambapo homa ni nyingi. Mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kuzipanga. Kaya ambayo sehemu kubwa ya kipato chake hutoka kwenye dagaa na migebuka iko katika hali tofauti, kwani mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na dedaktibo ikiangukia katika miezi ya namna hiyo hakuna mahali pa kuitoa. Kaya ya aina hiyo, hata ikiwa inahudhuria mara tisa au kumi kwa mwaka, naishauri ichukue kopei na ikubali kulipa zaidi kidogo kwa jumla, ama itenge zile shilingi 120,000 za tofauti ya mchango tangu siku ya kwanza na isiziguse kwa matumizi mengine mpaka mwaka wa bima uishe.